Nimehesabu viduara 19 kwenye P&ID, bosi kairudisha orodha yangu ya I/O. Nimekosea wapi?

KijanaWaPaneli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina miezi mitano kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza paneli, na hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu. Mteja ana kiwanda cha maziwa. Mfumo wake wa kuosha mabomba na matenki kwa soda ya moto unaendeshwa na paneli ya relei ya zamani, sasa anataka PLC. Nimepewa P&ID ya karatasi moja na karatasi ya maelezo ya alama, nikaambiwa nitoe orodha ya I/O ili tuagize moduli.

Mchoro wenyewe una tenki moja la soda, T-101, lita 5,000. Linapashwa kwa mvuke. Pampu P-101 inasukuma soda kwenda kwenye mabomba na kuirudisha, pampu ndogo P-102 inaongeza soda kali kutoka kwenye pipa, na kuna vali nne za upepo, XV-101 hadi XV-104.

Nilichofanya ni kufuata kila kiduara chenye herufi na kukiandika kwenye Eksel. Nimepata: LT-101, LI-101, LAH-101, LAL-101, LSHH-101, TE-101, TT-101, TIC-101, TY-101, AE-101, AT-101, AI-101, FE-101, FT-101, FQI-101, PT-101, PI-101, PG-102, TG-102. Jumla 19. Nikaweka moduli za kutosha 19 na akiba kidogo.

Bosi kaangalia kama dakika moja, akasema, "Umezidisha na umepunguza kwa wakati mmoja, rudi kaisome tena." Akaondoka. Nimeisoma tena mara tatu, bado naona 19.

---

Mzee_wa_Tuning

Kijana, PID isikutishe. Kwa joto la tenki kubwa kama hilo anza na P peke yake, ongeza taratibu mpaka joto lianze kuyumba, kisha rudi nusu. I iwe ya polepole sana maana maji mengi yanachelewa kupata moto. D achana nayo kabisa.

---

KijanaWaPaneli

Shikamoo mzee. Hapana, siyo PID ya kudhibiti. Ni P&ID, mchoro wa mabomba na vifaa vya kupimia.

---

Mzee_wa_Tuning

Marahaba. Macho haya. Basi ushauri wangu utunze, utakufaa siku ya kuwasha.

---

ChumaReli

Mkuu, rahisi sana hiyo. Usihesabu viduara, hesabu mistari. Mstari wa vipande vipande ndiyo waya wa umeme. Kila mstari wa vipande unaotoka kwenye kiduara kitupu, yaani kifaa kilichopo huko nje, ukaingia kwenye kiduara kilichofungwa ndani ya mraba, hiyo ni ishara moja. Mraba ndiyo PLC na skrini yake. Ukimaliza mistari umemaliza orodha. Mimi nafanya hivyo miaka yote na sijawahi kurudishiwa.

---

MamaTransmita

ChumaReli yuko sahihi nusu, na nusu hiyo ni nzuri, kijana aanze nayo. Nusu iliyobaki ndiyo itamfanya arudishiwe tena, kwa hiyo naomba nafasi niandike kwa urefu kidogo.

Chukua kitanzi cha joto peke yake na usiguse kingine mpaka kiishe. Weka kidole kwenye TE-101. Hicho ni kipimajoto chenyewe kilichochomekwa kwenye tenki. Kutoka hapo mstari unaenda TT-101, transmita, na zote mbili ni viduara vitupu, maana yake zipo huko nje. Waya kati yao upo, lakini hauji kwako. Mara nyingi transmita imekaa juu ya kichwa cha kipimajoto hicho hicho. Kinachokuja kwenye paneli ni mstari wa TT-101 kwenda TIC-101. Hapo andika AI moja, 4-20 mA.

TIC-101 iko ndani ya mraba. Hiyo ni sehemu ya programu utakayoandika, haina skrubu ya kufungia waya. Usiiandike. Kutoka TIC-101 mstari wa vipande unarudi nje kwenda TY-101, kifaa kinachogeuza milliampia kuwa presha ya upepo. Andika AO moja. Sasa tazama mstari wa TY-101 kwenda kwenye vali ya mvuke TV-101: una vikato viwili vya mshazari kila baada ya hatua. Huo ni upepo, siyo umeme. Umeishia hapo.

Kwa hiyo viduara vinne vimekupa ishara mbili tu. Hapo ndipo bosi anaposema umezidisha.

Tahadhari moja: mchoro mwingine hauna TT kabisa, TE inaingia moja kwa moja kwenye mraba. Ukikuta hivyo usiandike 4-20 mA. Hiyo mara nyingi ni Pt100 inayokuja na ohmu zake na inataka moduli yake maalumu.

Halafu nimecheka kwenye orodha yako. AI-101 umeiweka safu ya AI, siyo? Kwenye mchoro, A ya mwanzo ni uchambuzi, na I inayofuata ni kuonyesha. Ni namba ya nguvu ya soda inayoonekana kwenye skrini. Ishara yenyewe ni ya AT-101, na ulikuwa umeshaihesabu.

Pitisha vitanzi vingine vyote hivyo hivyo, kisha lete jibu hapa. Pampu na vali tutazifikia.

---

KijanaWaPaneli

Dada umenifumbua. Na kweli AI-101 niliiweka AI, nikajipongeza kabisa kuona mchoro umenirahisishia kazi.

Nimepita upya. LT-101 ni AI. LI, LAH na LAL ziko kwenye mraba, zinatokana na LT hiyo hiyo, nimefuta. LSHH-101 ni swichi inayojitegemea yenye mstari wake, hiyo DI. AT-101 AI, FT-101 AI, PT-101 AI. PG-102 na TG-102 hazina mstari wowote, nadhani ni saa za kusoma kwa macho tu. Nimebaki na AI 5, DI 1, AO 1. Jumla saba!

Kutoka 19 mpaka saba. Sasa naogopa upande wa pili.

---

ChumaReli

Si nilisema, hesabu mistari.

---

MamaTransmita

Ulisema, na umempatia saba. Sasa niambie kaka, kwa mistari yako P-101 inawashwa na nani?

---

ChumaReli

Hiyo ni kazi ya mtu wa paneli ya mota.

---

Kilindini_Umeme

Nikiwa Mombasa huku, acheni niwaambie yaliyonipata, maana hapo ndipo mimi niliangukia. Ilikuwa kituo cha kusukuma maji, vali nane za upepo. Mchoro ulionyesha vali, juu yake kisanduku chenye herufi S, basi. Nikahesabu solenoidi nane, DO nane, nikavuta kebo ya nyaya mbili kwa kila vali. Umbali wa karibu mita sitini mpaka paneli, juu ya trei, jua kali.

Siku ya kuwasha mteja anauliza, mbona skrini haionyeshi vali imefunguka au imefungwa? Nikamwambia mchoro hauna. Akafungua karatasi ya alama, kando ya kila vali kulikuwa na namba ndogo ndani ya pembetatu, na namba hiyo kwenye ile karatasi ilikuwa na mchoro wa vali kamili: solenoidi, swichi ya kufunguka, swichi ya kufungwa. Walichora mara moja, wakarejelea mara nane. Tulivuta kebo nane upya kwa gharama yetu. Na trei ilikuwa imeshajaa.

Kijana, angalia kama vali zako zina kinamba hicho.

---

KijanaWaPaneli

Kaka, nimeangalia sasa hivi nikatoka jasho. Zina pembetatu. Nilidhani ni alama ya marekebisho ya mchoro. XV-101, 102 na 104 zina namba 3, na kwenye karatasi ya alama namba 3 ni hiyo hiyo unayosema: XY, ZSO, ZSC. XV-103 ina namba 4, nitaitafuta.

Kwa hiyo kila vali ni DO 1 na DI 2. Kwa vali nne ni ishara 12 zaidi.

---

ChumaReli

Hapo mnamtia gharama mteja bure. Swichi moja kwa vali inatosha. ZSC ikizima, vali imefunguka. Ikiwaka, imefungwa. Mbili za nini?

---

MamaTransmita

ZSC ikizima, vali imeondoka kwenye kufungwa. Haijasema imefika wapi. Inaweza kuwa imekwama robo ya safari kwa sababu upepo ni mdogo. Kwa vali ya maji ya kuoshea sakafu nakubaliana nawe, moja inatosha. Kwa vali inayotenganisha soda ya nyuzi 75 na bomba la maziwa, kwangu hapana. Na kubwa zaidi, swichi mbili zinakupa hali ya nne: zote zimewaka kwa pamoja, jambo lisilowezekana. Ukiona hivyo ujue swichi imeharibika au waya zimegusana, kabla haijakudanganya.

---

ChumaReli

Mimi nimefunga moja moja viwandani na vinatembea mpaka leo. Tuendelee tu.

---

MamaTransmita

Tuendelee na pampu, maana bosi aliposema umepunguza alikuwa anaangalia hapa.

P&ID inachora pampu kama duara lenye mdomo, pengine na M ya mota pembeni. Aliyechora alikuwa anafikiria soda inakwenda wapi, hakuwa anafikiria kontakta. Ishara za mota utazipata kwenye orodha ya mota au mchoro wa paneli ya nguvu. Kama hivyo havipo, unauliza, na unaandika kwenye orodha kwamba umeuliza.

P-102 ni ndogo, nadhani inawashwa moja kwa moja. Hiyo ina amri ya kuwasha, DO. Ina mrejesho kwamba kontakta imevuta, DI. Ina ovalodi imeruka, DI. Na ina swichi ya kuchagua Auto au Mkono, DI, ili programu ijue ina ruhusa au fundi ameishika yeye. Jumla nne.

P-101 naona umesema inasukuma na kurudisha, na kuna FT kwenye laini yake. Uliza kama ina inveta. Kama inayo, kuna amri ya kuwasha, inatembea, hitilafu, swichi ya kuchagua, kasi unayoitaka kama AO, na kasi halisi kama AI. Sita.

Kisha tembeza jicho kwenye kingo za karatasi. Watu wengi hawaziangalii. Utaona mishale inayoingia na kutoka na namba ya karatasi nyingine. Vali zako zote zinakula upepo, upepo huo unaingia kutoka karatasi gani?

---

KijanaWaPaneli

Kuna mshale umeandikwa IA, karatasi namba 4. Sikupewa karatasi namba 4.

P-101 nimepiga simu kiwandani, ina inveta.

---

MamaTransmita

Iombe. Nina hakika kubwa utakuta swichi ya presha ndogo ya upepo huko. Bila hiyo, kompresa ikizima utaona vali nne zinatoa hitilafu kwa pamoja na utatafuta tatizo kwenye vali.

---

Kilindini_Umeme

Mimi ningependa kujua kuhusu hiyo LSHH. Mnaiingiza kwenye PLC tu, ama mnaikata moja kwa moja kwenye waya wa koili ya kontakta ya P-102 pia?

---

MamaTransmita

Vyote viwili. Swichi ya juu kabisa kwenye tenki la soda ya moto isitegemee programu ya mtu. Iwe na relei yake: mguso mmoja unakata koili, mwingine unakuja DI ili skrini iseme sababu. Na mguso uwe wa kufunga wakati hali ni nzuri, uachie soda ikipanda. Panya akikata waya, pampu inasimama. Ukifunga kinyume, panya akikata waya hujui mpaka soda imwagike.

---

Kilindini_Umeme

Kwa mguso nakubali. Kwa kuikata nje ya PLC, huku kwetu wateja wengi wanakataa, wanasema ndiyo ile paneli ya relei tunaikimbia. Tenki la soda si boila. Mimi huacha PLC iamue.

---

MamaTransmita

Tenki likifurika nani yuko chini yake? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua, siyo mteja kupenda au kutopenda relei. Kama ni sakafu tupu yenye mfereji, sitagombana nawe.

---

KijanaWaPaneli

Wakuu, nimerudi, siku mbili baadaye. Karatasi namba 4 imekuja kwa simu, imepigwa picha ya kupindapinda, lakini PSL-401 ipo, swichi ya presha ya upepo. Pia nimeongeza kitufe cha dharura, kitufe cha kufuta hitilafu, king'ora, na palsi ya FT-101 kwa ajili ya kujumlisha lita, kwa sababu FQI-101 inataka jumla na mita ina waya wa palsi.

Hesabu yangu sasa: AI 6, AO 2, DI 19, DO 7. Jumla 34. Hizi ni safu chache za jinsi nilivyoziandika:

```
TAGI      AINA  ISHARA     MAANA YA 0 AU WAYA KUKATIKA   CHANZO
LT-101    AI    4-20 mA    chini ya 4 mA = hitilafu      Karatasi 1
LSHH-101  DI    24 V DC    0 = tenki limejaa             Karatasi 1
XY-101    DO    24 V DC    0 = vali inafunga             Alama, namba 3
ZSC-101   DI    24 V DC    0 = haijafungwa               Alama, namba 3
P-101-SP  AO    4-20 mA    -                             Simu, fundi wa zamu
PSL-401   DI    24 V DC    0 = upepo mdogo               Karatasi 4
```

Safu ya chanzo nimeiweka baada ya kusoma ya kaka wa Mombasa. Nikiulizwa nimeitoa wapi nisikune kichwa.

Kwa akiba ya asilimia 20 napata DI 23, DO 9, AI 8, AO 3. Stoo tuna CPU 1214C mpya ndani ya boksi. Ina DI 14, DO 10 na AI 2. Nikiongeza moduli ya AI 4, pamoja na zile AI mbili za kwenye CPU napata sita zangu kamili, kisha naongeza na moduli ya DI 8. Nimekaribia?

---

ChumaReli

Hapo safi. AI sita ndani ya sita.

---

MamaTransmita

Safu ya chanzo nimeipenda, weka na namba ya toleo la mchoro, maana karatasi 1 ya leo siyo ya mwezi ujao.

Moduli bado. Zile AI mbili za kwenye 1214C ni za volti, 0 mpaka 10. Transmita zako ni za milliampia. Watu huweka rezista ya ohmu 500 wakapata volti 2 mpaka 10, inafanya kazi, lakini kwa kazi mpya usiianze hivyo. Zihesabu kama hazipo. Chukua moduli ya AI 8, sita zinatumika na mbili zinabaki akiba. DI 14 ukijumlisha 8 ni 22, unataka 23, hivyo chukua ya 16. DO za CPU zinakutosha. AO chukua ya 4. Na palsi ya FT-101 ifunge kwenye ingizo la CPU yenyewe, siyo kwenye moduli ya pembeni, kwa sababu kihesabu cha kasi kinasoma huko.

Kuna safu moja imekosekana kwenye jedwali lako, na P&ID haitakupa kamwe: nyaya mbili au nne. LT na PT kwa kawaida ni za nyaya mbili, zinakula umeme kutoka kwenye kitanzi hicho hicho, kwa hiyo lazima uweke 24 V kwenye mfululizo, moduli hiyo haitoi. FT ya sumaku ina umeme wake na inasukuma mkondo yenyewe. Ukiiwekea 24 V nyingine kwenye kitanzi, vyanzo viwili vinapigana, usomaji unakuwa wa ajabu, na ukiwa na bahati mbaya chaneli inaungua. Dalili yake ni namba iliyoganda juu kabisa au chini kabisa hata pampu ikiwa imezimwa. Soma kibati cha kila transmita kabla ya kuchora mchoro wa waya.

---

Kilindini_Umeme

Hapo kwa inveta pia, mbona msivute kebo moja ya mtandao badala ya ishara zote hizo? 1214C ina Profinet. AO moja na AI moja zinaondoka.

---

MamaTransmita

Zinaondoka kama inveta iliyopo ina kadi hiyo. Na fundi wa zamu usiku wa manane ana mita ya kupimia volti, hana kompyuta ya kusoma mtandao. Mimi huacha amri na hitilafu kwenye waya, kasi ipite kwenye mtandao. Wapo wanaofanya vyote kwa mtandao na hawajutii.

---

Mzee_wa_Tuning

Ikipita kwenye mtandao, kasi isiyumbe tu. Ndiyo swali langu lote.

---

KijanaWaPaneli

Nimebadilisha moduli. Inveta nitaipiga picha kibati chake.

Kimebaki kimoja. Ile namba 4 ya XV-103 haipo kwenye karatasi ya alama. Kuna 1, 2, 3, kisha 5. Kwenye mchoro XV-103 iko kwenye laini ya kurudi, na haina kisanduku cha S kama wenzake, ila ina kichwa cha upepo. Nimempigia aliyekuwa na mradi zamani, anasema "si vali tu hiyo." Inaweza kuwa ya njia tatu yenye solenoidi mbili, au inaendeshwa na upepo kutoka kwenye vali nyingine na mimi sihitaji DO yoyote.

Jumatatu napanda basi la alfajiri kwenda kuiangalia kwa macho. Mpaka hapo 34 nimeiandika kwa penseli.

---

MamaTransmita

Ukifika, fuata mirija ya upepo kutoka kwenye kichwa cha vali mpaka inapoishia. Hesabu mirija: mmoja au miwili. Piga picha, na usiagize DO mpaka uone.